Picha moja tu ya marehemu, kazi ya siku nne: nitumie adapta au niifundishe modeli?

FundiPicha_Makoroboi (#1)

Habari zenu wakuu. Nina studio ndogo hapa Makoroboi, Mwanza. Jumatano wamekuja ndugu watatu kutoka Ukerewe. Wanataka picha ya baba yao aliyefariki 1991. Iwe ya nusu mwili, ya rangi, amevaa suti, iprintiwe sentimita 40 kwa 60 na iingie kwenye fremu kabla ya ibada ya kumbukumbu Jumapili.

Walichonacho ni paspoti saizi moja, nyeusi na nyeupe, aliyopigwa 1986 kwa ajili ya kitambulisho cha kazi. Imekunjika kona ya chini na muhuri wa ofisi umepita juu ya bega la kulia. Nyingine hawana, nyumba iliungua.

Nimeiskani kwa dpi 1200, uso umetoka kama pikseli 850 kwa upana. Mzee ana kovu dogo linalokata nyusi ya kushoto, na sikio moja limesimama kuliko jenzake. Kompyuta yangu ina RTX 3060 ya GB 12, natumia modeli ya kutengeneza picha ya SDXL.

Jana usiku nimejaribu IP-Adapter ile ya uso, uzito 0.8. Imetoka picha safi sana ya mzee mwenye suti, ila siyo huyu mzee. Nikamtumia binti yake mkubwa kwenye simu, akanijibu: "Huyu anafanana na baba mdogo."

Swali langu: kwa kazi ya mara moja kama hii, niendelee kuhangaika na adapta, au nikae chini niifundishe LoRA, ile nyongeza ndogo ya modeli inayojifunza sura moja, iwe ya huyu mzee? Mteja harudi tena na picha nyingine haitakuja.

---

Jiwe_la_Bismarck (#2)

Mada nzuri, nafuatilia. Ukiamua kufundisha, anza saa sita usiku. Mchana huku Mirongo umeme unacheza tangu wiki iliyopita.

---

Kijana_Nyegezi (#3)

LoRA, mkuu, usipoteze muda. Adapta inakisia tu, haimjui mtu. LoRA inamjua. Mimi niliifundisha sura yangu hatua 3000, sasa naweza kujiweka kwenye mtumbwi, kwenye ndege, popote, na mama yangu anajua ni mimi. Weka hiyo picha, weka hatua 3000, nenda kalale.

---

Dagaa_Mkavu (#4)

Mkuu kwenye adapta kuwa makini. Nilinunua ya M42 kwenda Nikon, isiyo na kioo ndani, na vitu vya mbali havikukaa foka hata siku moja. Kwa picha ya mtu karibu itakufaa, ila usitegemee kupiga ziwa.

---

FundiPicha_Makoroboi (#5)

Kaka Dagaa, asante, ila hiyo ni ya lenzi. Mimi nasema adapta ya modeli ya kutengeneza picha, unaipa picha ya mfano inaiga sura.

Kijana, ulitumia picha ngapi za sura yako?

---

Kijana_Nyegezi (#6)

Kama 25 hivi. Selfi nyingi.

---

Mwl_Hesabu (#7)

Hapo ndipo penye jibu, Kijana. Picha 25 na picha moja ni kazi mbili tofauti kabisa, na mleta mada ana moja.

Niseme ninavyoielewa. Adapta haijifunzi chochote kuhusu mzee wako. Ilishafundishwa na watu wengine, kwa picha nyingi mno, namna ya kutazama picha na kuigeuza kuwa tokeni chache ambazo modeli inazisikiliza sambamba na maneno yako. Ule uzito wa 0.8 ni sauti ya picha ikilinganishwa na sauti ya maneno. Faida yake ni kwamba inajua sura kwa ujumla: inajua uso ukigeuka pua inakaaje, mwanga ukitoka pembeni kivuli kinaangukia wapi. Hasara yake ni kwamba inamtazama mzee kupitia tundu dogo. Ile uliyotumia inapunguza picha mpaka pikseli 224 kwa 224 kabla ya kuitazama. Uso wako wa pikseli 850 unabanwa humo. Kovu la pikseli 20 linabaki pikseli 5, na hapo sijahesabu nywele na shingo vinavyogombania nafasi hiyo hiyo. Ikitoka pale inakuwa tokeni 16. Kovu halina pa kukaa.

LoRA ni kinyume chake. Ukifundisha kwa 1024 inaliona kovu vizuri, inaona hata chembe za filamu. Lakini kwa picha moja haina namna ya kujua kipi ni mzee na kipi ni picha. Kovu, kola, pazia la nyuma, muhuri, kona iliyokunjika, vyote vimekuja pamoja kila mara, kwa hiyo kwake vyote ndiyo "mzee". Yule wa selfi 25 alibadilisha shati mara kumi, modeli ikaelewa shati siyo sura.

Sasa uchague tatizo unaloweza kuishi nalo.

---

Mama_Skana (#8)

Nakubaliana na Mwalimu, nami niongeze la kazini. Nina studio Igoma. Mwaka jana nilimfundishia LoRA bibi harusi, picha 22 nilizompiga mwenyewe, mwanga tofauti, pande zote. Kuchagua na kuandika maelezo ya kila picha kulinichukua jioni nzima, kufundisha kama saa mbili kwenye kadi kama yako. Lakini nilitoa kadi za mwaliko, bango la ukumbini, picha za albamu na za shukrani. Kazi ilinilipa kwa sababu sura ile ile ilitumika mara thelathini.

Wewe unataka picha moja. Hata LoRA ikitoka vizuri, saa zako zote zinaangukia kwenye karatasi moja. Mimi kwa picha moja sifundishi.

---

Kijana_Nyegezi (#9)

Sasa si aongeze picha? Unachukua hiyo moja, unaigeuza kulia kushoto, unaikata karibu, unaikata mbali, unaizungusha digrii tano, unapata 40. Hiyo inajulikana.

---

Mwl_Hesabu (#10)

Kuikata kwa ukubwa tofauti kunasaidia kidogo, hapo uko sawa. Kuigeuza kulia kushoto, hapana. Mleta mada kasema kovu liko nyusi ya kushoto na sikio moja limesimama. Ukigeuza, nusu ya picha zako zinasema kovu liko kulia. Modeli italiweka kote kote au italifuta, na masikio yatasawazishwa. Nyuso zetu hazilingani pande mbili, na watu wa nyumbani wanatutambua humo humo.

Na picha 40 zilizotoka kwenye moja bado zina mwanga mmoja, tabasamu moja, kola moja.

---

Sengerema_Mpya (#11)

Mimi naona wote mnaruka jambo. Kwa nini adapta imempeleka kwa "baba mdogo"? Zile adapta za FaceID na InstantID zinasoma uso kwa modeli ya kutambua nyuso, inatoa namba 512. Mwaka 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipima programu nyingi za kutambua nyuso, na nyingi zilikosea zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi na Mashariki: zinasema watu wawili tofauti ni mmoja. Kama kipimo kinatuona tumekaribiana hivyo, basi namba 512 za mzee na za mdogo wake ni karibu moja, na modeli ikirudisha sura inarudisha ya yeyote wa pale karibu. Tatizo siyo uzito wala tokeni, ni data.

---

Mwl_Hesabu (#12)

Ripoti naijua na hoja ina uzito. Ila mleta mada hakutumia FaceID, ametumia ile ya uso inayopitia kisoma-picha cha kawaida. Kwa hiyo haiwezi kuwa sababu ya picha ya jana. Inaweza kuwa sababu ya ile atakayojaribu kesho.

Halafu kuna jambo jingine kwenye hizo namba 512, hata data ingekuwa ya haki. Zilitengenezwa ili mtu akifuga ndevu, akizeeka miaka kumi, akivaa miwani, namba zibaki zile zile. Maana yake zimefundishwa kupuuza vitu vinavyobadilika usoni. Kovu ni mojawapo, na mikunjo pia. Kifaa cha mlinzi wa mlangoni kinatakiwa kipuuze hayo, sisi ndiyo tunayataka.

---

Binti_Nansio (#13)

Shikamooni wakubwa. Mimi siyo wa kompyuta. Mama yangu naye ana picha moja tu ya marehemu bibi. Nataka niseme kitu kwa kaka wa studio: uliza mjane anamkumbukia wapi. Watoto hawakuwa wakubwa 1991, wanachokijua ni hiyo picha. Mama ndiye anayemjua mtu. Sisi tulipotengenezewa picha ya bibi, watoto wote tulisema ndiye. Mama alitazama akasema "macho haya hayajawahi kunigombeza." Hatukuitundika.

---

FundiPicha_Makoroboi (#14)

Marahaba mdogo wangu, asante. Mama yupo Nansio, nitamtumia kupitia simu ya mjukuu.

Wakuu, usiku wa jana nimejaribu mambo mawili. Nawaeleza yote, hata yaliyoharibika.

Kwanza adapta. Nimegundua kosa langu la mwanzo: nilimpa picha nzima ya paspoti. Nimeikata ibaki kichwa tu, mraba, na muhuri nimeufuta kabla. Uzito nimeshusha 0.6, maelezo ya maneno nimeyafupisha. Kwa mwenye kutaka, hivi ndivyo nilivyoipakia:

```python
pipe.load_ip_adapter(
    "h94/IP-Adapter", subfolder="sdxl_models",
    weight_name="ip-adapter-plus-face_sdxl_vit-h.safetensors",
    image_encoder_folder="models/image_encoder")
pipe.set_ip_adapter_scale(0.6)
```

Mstari wa `image_encoder_folder` msiuache. Nilipouacha ilikataa na kulalamika kuhusu 1664 na 1280, kumbe inachukua kisoma-picha kisicho chake.

Imesogea. Paji la uso na taya ni vyake. Nyusi zimekuwa nzima, kovu hakuna, masikio yamelingana. Picha 24, zote hivyo.

Pili LoRA. Ile picha moja nimeikata kwa saizi sita bila kuigeuza, rank 16, `learning_rate` 1e-4, niliweka hatua 1500. Umeme ulikatika kwenye 900 na kitu, ila nilikuwa nahifadhi kila hatua 100, kwa hiyo nina za kulinganisha. Kwenye 400 kovu linaonekana, hafifu, mahali pake. Kwenye 900 kovu ni kovu kweli, lakini suti imepata muhuri begani. Herufi hazisomeki, ila mviringo ule ule wa wino, bega lile lile la kulia. Na chini ya picha kuna mstari wa mkunjo. Niliomba ageuke kidogo kushoto: mwili umegeuka, uso umebaki unatazama mbele.

---

Jiwe_la_Bismarck (#15)

Nilisema umeme. Pole mkuu. Huo muhuri kwenye suti ndiyo somo la leo.

---

Kijana_Nyegezi (#16)

Aisee. Huo muhuri sikuutegemea. Lakini si ulisema umeufuta?

---

FundiPicha_Makoroboi (#17)

Niliufuta kwenye ile ya adapta. Kwenye folda ya kufundishia nilisahau, nikaweka skani ya mwanzo. Kosa langu. Ila linaonyesha alichosema Mwalimu kwenye #7: imeshika kila kitu kwa bidii ile ile.

---

Mwl_Hesabu (#18)

Usijilaumu, umetupa ushahidi mzuri. Ukirudia, futa muhuri, au tumia `--masked_loss`: unachora barakoa ya uso na sehemu ya nje ya barakoa haihesabiwi wakati wa kufundisha. Hapo pazia na bega vinatoka kwenye hesabu. Uso kutazama mbele tu hutautibu hivyo, kwa sababu hakuna picha inayoonyesha upande wa mzee. Hata ukipata picha amegeuka, shavu lile ni la kubuni.

Ndiyo maana ningekuuliza: nani kasema ageuke? Paspoti inatazama mbele, muache atazame mbele.

---

Sengerema_Mpya (#19)

Kuna ujanja wa kati. Tengeneza picha 15 za adapta, pande tofauti, halafu uifundishe LoRA kwa hizo 15 pamoja na ya asili. Unapata uhuru wa adapta na kumbukumbu ya LoRA.

---

Mwl_Hesabu (#20)

Nimeufanya mara mbili. Zile 15 hazina kovu na masikio yake yamelingana. Ukizichanganya na moja ya kweli, unamfundisha kura: 15 zinasema hana kovu, moja inasema analo. LoRA inatoka safi, inageuka vizuri, na imemjua kwa hakika mtu wa adapta. Baba mdogo anakuwa wa kudumu.

---

Sengerema_Mpya (#21)

Unaweza kurudia ya asili mara nyingi zaidi kwenye folda. Hata mara 15. Kura inalingana.

---

Mwl_Hesabu (#22)

Unaweza, na hapo unarudi taratibu kwenye ugonjwa wa picha moja. Sisemi haiwezekani. Nasema kwa siku mbili zilizobaki na fremu moja, sioni atapata wapi muda wa kutafuta uwiano.

---

Mama_Skana (#23)

Naomba niingilie, maana mnabishana kati ya njia mbili na mimi ningetumia ya tatu.

Uso tunao. Pikseli 850 siyo kidogo. Picha ya sentimita 40 kwa 60 kwa dpi 150 ni kama pikseli 2362 kwa 3543, na kwenye nusu mwili uso utachukua 700 au 800 kwa upana. Kwa nini tumtengeneze mzee upya wakati amekaa pale kwenye skani? Kinachokosekana ni suti, mabega, rangi na nyuma yake. Hivyo adapta ivitengeneze. Uso uubandike wa kweli.

Ninavyofanya: natengeneza mwili kwa adapta kwa uzito mdogo, ili kichwa kikae kwa umbo na mwinamo unaokaribiana na wa paspoti. Naandika kwenye maelezo mwanga wa mbele, laini, kwa sababu paspoti za zamani zilipigwa kwa taa ya mbele. Ukiacha modeli ijichagulie mwanga wa pembeni, shingo itakuwa na kivuli na uso hauna, na kila mtu ataona kichwa kimebandikwa hata kama hajui aeleze nini. Nasafisha skani kwa mkono, naiweka juu, naipanga kwa macho na kidevu. Kisha naipitisha tena kwenye modeli, barakoa ikiwa shingoni, kwenye kola na mstari wa nywele tu, `denoise`, yaani kiasi cha kuchora upya, 0.25 mpaka 0.35. Ndani ya uso haigusi.

Rangi: sitii rangi uso wenyewe. Naweka leya juu kwa modi ya `Color`, naokota rangi ya ngozi kutoka kwenye shingo iliyotengenezwa. Mwanga na kivuli vinabaki vya filamu ya 1986, kovu linabaki, rangi tu ndiyo mpya.

Hapo adapta imefanya kazi dakika 20, na LoRA haikuhitajika.

---

Kijana_Nyegezi (#24)

Dada, kwa heshima, hiyo siyo potreti. Hiyo ni kukata na kubandika, kazi ya Photoshop ya zamani.

---

Mama_Skana (#25)

Ndiyo, ni kukata na kubandika, kwa shingo iliyounganishwa vizuri. Mteja wangu anataka baba yake. Sijawahi kuulizwa kaunta kama ni potreti.

---

Mwl_Hesabu (#26)

Kwa kesi hii namuunga mkono Mama Skana, na nilikuwa nimejifungia kwenye swali. Nina angalizo moja. Chembe za filamu zitakuwa usoni na hazitakuwa kwenye suti. Ongeza chembe kidogo kwenye picha nzima mwishoni, baada ya kuikuza, siyo kabla. Ukiikuza na chembe ndani, programu ya kukuza itazigeuza kuwa vitundu vya ngozi.

---

Binti_Nansio (#27)

Rangi ya ngozi msiiokote shingoni kwenye mashine. Mashine haimjui. Filamu nyeusi na nyeupe haisemi kama mzee alikuwa maji ya kunde au mweusi. Muulizeni mama, amwonyeshe mtoto au mjukuu aliyechukua rangi yake.

---

Mama_Skana (#28)

Umenifundisha, mwanangu. Hilo nitaliingiza kwenye kazi zangu.

---

Dagaa_Mkavu (#29)

Sasa nimeelewa mada. Swali: huwezi kujua kwa kipimo kama sura imefanana, badala ya kumsumbua mama wa watu?

---

Sengerema_Mpya (#30)

Kipo. Unapitisha picha mbili kwenye kisoma-uso kile kile cha namba 512, unapima zimekaribiana kiasi gani. Zikikaribia 1 ni yule yule.

---

Mwl_Hesabu (#31)

Kipimo hicho kinafaa kuchuja: una picha 24, tupa kumi zilizo mbali. Kisikupe hukumu. Ukitumia adapta ya FaceID au InstantID, umemtengeneza mtu kwa rula ile ile unayompimia, lazima upate alama nzuri. Na rula yenyewe hailioni kovu. Nimewahi kupata picha yenye alama ya juu kuliko zote ambayo mwenye sura yake alikataa katakata.

---

Sengerema_Mpya (#32)

Hapo sawa. Na kwa wanaofanya biashara, someni leseni. Modeli za InsightFace ambazo FaceID na InstantID zinazitegemea zimetolewa kwa utafiti usio wa kibiashara. Mleta mada analipwa. Ile aliyotumia, ya kisoma-picha cha kawaida, haipiti huko.

---

FundiPicha_Makoroboi (#33)

Hilo la leseni sikulijua, asante. Nilikuwa karibu kupakua InstantID usiku huu. Nimeacha.

---

FundiPicha_Makoroboi (#34)

Mrejesho, Jumamosi saa tano usiku.

Nimefuata #23. Mwili wa adapta uzito 0.35, picha ya nane ndiyo imekaa kichwa. Uso wa skani nimeusafisha kwa mkono saa moja na nusu, mkunjo haukufika kidevuni. Sikio la kulia nilisahau kulitoa kwenye barakoa ya nywele, modeli ikalilaza, nikarudia. Rangi nimepewa na mama mwenyewe kwa simu: "Mtazame yule wa tatu, mikono yake." Wa tatu alikuwa amekaa hapa dukani, nikampiga picha mkono dirishani.

Watoto wameona, wawili wamelia. Tumeprinti, iko kwenye fremu, wanaondoka na kivuko cha asubuhi.

Ila mama alipotumiwa alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Ndiye. Lakini mwaka ule alikuwa ametoka kuugua. Mashavu yake hayakuwa hivi." Anaomba ndogo ya chumbani kwake, mashavu yajae kama alivyokuwa. Nimemwahidi wiki ijayo, sina picha ya mfano hata moja.

---

Kijana_Nyegezi (#35)

Sasa uso wa kweli umeshindwa. Hapo turudi kwenye LoRA. LoRA ya hatua 400, nguvu 0.6, uandike mashavu yaliyojaa. Kwenye 400 ulisema kovu lipo na uso haujaganda sana.

---

Mama_Skana (#36)

Au `Liquify`, uyajaze mashavu kwa mkono, dakika kumi, kovu halisogei. Mimi ningeanzia hapo.

---

Mwl_Hesabu (#37)

Mashavu yakijaa, mikunjo ya kando ya mdomo inabadilika na kivuli cha chini ya jicho kinapungua. `Liquify` inavuta umbo, kivuli inakiacha cha mgonjwa. Mimi ningeweka barakoa mashavuni tu, `denoise` 0.4, na adapta ikisaidia. Ila adapta inahitaji picha ya mashavu, na ya mzee hatuna.

---

Binti_Nansio (#38)

Binti mkubwa alisema ya kwanza inafanana na baba mdogo. Huyo baba mdogo yupo hai?

---

FundiPicha_Makoroboi (#39)

Yupo. Anaishi Kisorya, ana miaka sabini na kitu. Nimeuliza sasa hivi, mama anasema walipokuwa vijana watu waliwachanganya kwa mashavu, siyo kwa macho. Anakuja mjini Alhamisi kliniki. Nitamwekea kiti, taa ya mbele, atazame moja kwa moja kama paspoti.

---

Sengerema_Mpya (#40)

Uzito uwe mdogo tu, la sivyo utampa mama shemeji yake.

---

Mwl_Hesabu (#41)

Na umpige pande zote, angalau picha 20, mwanga tofauti, shati mbili tatu. Siyo kwa kazi hii. Yeye hana picha nyingi pia, na siku moja watakuja.